Mkataba wa dereva kwenda Saudia: barua yako kwa mdogo wako irekebishwe wapi

*"Nafanya kazi Riyadh, ni dereva wa lori wa kampuni, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mdogo wangu yuko Kenya. Wakala amempa mkataba wa udereva wa miaka miwili, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na nataka nimwandikie barua nimweleze vifungu vya maana kabla hajatia sahihi. Nimemwambia hivi: asome Kiingereza kwa makini, inatosha. Mshahara ni riyali 1,800, yaani 1,200 za msingi na 600 za posho, na saa za ziada zinalipwa hiyo 1,800 mara moja na nusu. Kazi ikimshinda aondoke ndani ya miezi mitatu ya majaribio, tikiti atapewa. Akimaliza miaka miwili atapata kiinua mgongo. Kitu kimoja tu kinanitatiza: kwenye Kiarabu kazi yake imeandikwa 'saaik khas', kwenye Kiingereza ni dereva basi. Je, barua iko sawa?"*

Usiitume bado. Hilo jambo uliloliweka mwisho kama dogo ndilo linaloamua karibu yote uliyoyaandika juu yake, kwa hiyo tuanze nalo.

Saaik khas ni dereva wa mtu binafsi: anayepeleka watoto shule, mama sokoni, na mzee hospitali. Kwa sheria za Saudia huyo ni mfanyakazi wa nyumbani, sawa na mpishi au mtunza bustani wa nyumba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2005, ile inayokulinda wewe dereva wa lori, inasema wazi katika kifungu cha 7 kwamba haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao, na toleo jipya lilianza kutumika Oktoba 2024. Kwa hiyo wewe na mdogo wako mnaweza kuwa mji mmoja, nyote mmeshika usukani, nyote mnapokea riyali 1,800, na bado mkawa chini ya sheria mbili tofauti. Uzoefu wako hautamsaidia. Unaweza hata kumpoteza, kwa sababu atadai vitu ambavyo kwa upande wake havipo.

Tofauti si ndogo. Wewe kikomo chako ni kazi ya saa 8 kwa siku au 48 kwa wiki, na ukizidisha kuna kanuni ya malipo. Dereva wa nyumbani kikomo chake ni saa 10 kwa siku, na anastahili mapumziko ya siku moja kwa wiki, lakini kanuni ya saa za ziada iliyo katika Sheria ya Kazi haimhusu. Wewe ukimaliza miaka miwili una kiinua mgongo. Yeye hupata mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka minne kwa mwajiri yuleyule, kwa hiyo mkataba wake wa miaka miwili ukiisha hapo, hesabu yake ni sifuri. Na ile ruhusa iliyoanza Machi 2021, ya kuhamia mwajiri mwingine baada ya mwaka mmoja bila idhini ya wa kwanza, iliwaacha nje madereva wa nyumbani, walinzi wa nyumba, wachungaji na watunza bustani. Kwao uhamisho una masharti yake.

Sasa, mdogo wako atajuaje anaenda wapi? Asilitegemee neno la wakala, na asitosheke na neno hilo moja la kazi. Aangalie mambo matatu na ayalinganishe. La kwanza ni cheo cha kazi, ambacho kwa Kiarabu hutangulizwa na neno *mihna*. La pili ni nani ametajwa kuwa mwajiri, yaani *sahib al-amal* au "upande wa kwanza". Ikiwa ni jina la mtu likifuatwa na namba ya kitambulisho chake cha taifa, hiyo ni ajira ya nyumbani. Ikiwa ni jina la kampuni likifuatwa na namba ya usajili wa biashara, *sijil tijari*, hiyo ni ajira ya kampuni. La tatu ni viza yenyewe, kwa sababu nayo ina cheo cha kazi na jina la mwajiri. Haya matatu yasipopatana, viza na Kiarabu cha mkataba ndivyo vitakavyomfuata uwanja wa ndege mpaka kwenye ikama, yaani kibali chake cha kuishi Saudia. Kiingereza kitabaki kwenye begi.

Kuna mtego ambao madereva wengi huuingia bila kujua. Mwenye kampuni anatoa viza ya dereva wa nyumbani kwa jina lake mwenyewe, kisha anamweka kijana kwenye gari la kusambaza bidhaa za kampuni. Mwajiri anapata dereva kwa gharama ndogo. Kijana anafanya kazi ya kampuni bila kinga ya kampuni, na ukaguzi ukipita yeye ndiye anayekutwa akifanya kazi isiyo kwenye ikama yake. Mdogo wako akiambiwa "cheo ni cha viza tu, kazi yenyewe ni ya kampuni", ajue ameelezwa mtego huo kwa maneno matamu. Jibu lake liwe moja: mkataba uandikwe upya kwa jina la kampuni, na viza ilingane nao, kabla ya sahihi. Mambo haya hayasahihishwi kirahisi mtu akishafika.

Sisemi kazi ya nyumbani ni lazima iwe mbaya. Wapo wanaoipenda kwa sababu chakula na malazi vinatoka kwa mwenye nyumba na mshahara wote unatumwa nyumbani. Lakini aichague akijua, na kwa hesabu yake, si kwa hesabu yako.

Sentensi ya "asome Kiingereza, inatosha" ifute kabisa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kazi kinataka mikataba iwe kwa Kiarabu. Mwajiri akiongeza lugha nyingine, Kiarabu ndicho kinachoshinda zikitofautiana. Safu ya Kiingereza ni msaada wa kusomea, haina nguvu mbele ya hakimu. Na tofauti hazitokei kwa bahati mbaya tu: utakuta Kiingereza kimesema "dereva" na Kiarabu "dereva wa nyumbani", au Kiingereza kimetaja jumla ya mshahara na Kiarabu kimetaja ule wa msingi pekee. Kama mdogo wako alipita madrasa na anazitambua herufi, ana faida kubwa, kwa maana tarakimu na vichwa vya vifungu ataviona mwenyewe. Hata hivyo, kusoma herufi si kuelewa maneno ya sheria. Ampate mtu anayefanya kazi ya kutafsiri nyaraka, amsomee Kiarabu peke yake huku safu ya Kiingereza imefunikwa. Ikifunuliwa, tofauti zitajitokeza zenyewe.

Kuanzia hapa nachukulia kwamba mkataba umerekebishwa na mwajiri ni kampuni. Bila hivyo, yanayofuata hayamhusu.

Mshahara wake una sehemu mbili, na uligawa vizuri ulipoandika 1,200 na 600. Ulipokosea ni kwenye saa za ziada. Kifungu cha 107 kinasema mfanyakazi alipwe ujira wa saa pamoja na nusu ya mshahara wa *msingi* wa saa. Kwa hiyo hesabu ina hatua mbili. Mwezi huhesabiwa siku 30 za saa 8, yaani saa 240. Gawanya 1,800 kwa 240, unapata riyali 7.50. Kisha gawanya 1,200 kwa 240, unapata riyali 5, na nusu yake ni 2.50. Jumlisha: saa moja ya ziada ni riyali 10. Kwa njia yako ingekuwa 11.25, na mdogo wako angeishia kugombana na mhasibu kwa jambo ambalo mhasibu yuko sahihi. Lakini makosa ya upande wa pili ndiyo mengi zaidi: kampuni inachukua 1,200 pekee mara moja na nusu, ikatoka 7.50. Riyali 2.50 kwa saa huonekana ndogo, lakini dereva anayefanya saa 40 za ziada kwa mwezi anapoteza riyali 100 kila mwezi.

Ndiyo maana wapo waajiri wanaopunguza sehemu ya msingi na kukuza posho huku jumla ikibaki ileile. Mdogo wako asitazame jumla tu. Kati ya mkataba wa 1,200 na 600 na mwingine wa 900 na 900, wa kwanza ni bora ingawa fedha ya mwezi ni sawa. Aulize pia kila posho ni ya nini. Malazi na usafiri ni wajibu wa mwajiri, ama avitoe vyenyewe ama alipe posho badala yake. Ikiwa kampuni itamlaza bwenini na tena ikakata posho ya nyumba, ile 1,800 haikuwa 1,800 tangu mwanzo.

Tuje kwenye kuondoka, kwa sababu hapa ushauri wako unaweza kumgharimu fedha nyingi.

Kipindi cha majaribio, *fatrat al-tajriba*, si lazima kiwe miezi mitatu. Tangu marekebisho yaliyoanza Februari 2025, mkataba unaweza kukiweka hadi siku 180. Asome kimeandikwa siku ngapi. Ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila fidia, hilo ni kweli. Tikiti ni jambo jingine. Kifungu cha 40 kinamtwisha mwajiri ada za kumleta mfanyakazi, ikama, kibali cha kazi na tikiti ya kurudi uhusiano unapokwisha, lakini kinasema pia kwamba mfanyakazi atajigharamia kurudi ikiwa hafai kwa kazi au ameamua kuondoka bila sababu halali. Kwa maneno mengine, akiondoka mwezi wa pili kwa sababu joto limemshinda, asitarajie tikiti. Awe na nauli ya kurudi imewekwa mahali nyumbani, na isiguswe.

Majaribio yakiisha, mambo yanakuwa mazito. Mkataba wa mgeni ni wa muda maalumu, na anayeuvunja kabla ya muda bila sababu halali hulipa fidia. Hapo ndipo kifungu cha fidia, *taawidh*, kinapotakiwa kutafutwa kwa tochi. Ikiwa mkataba umetaja kiasi, hicho ndicho. Usipotaja chochote, kifungu cha 77 kinasema fidia ni mshahara wa muda uliobaki, na isipungue miezi miwili. Chukua mfano: mdogo wako anaondoka mwezi wa 8 katika 24. Imebaki miezi 16, mara 1,800, ni riyali 28,800. Mkataba ukiwa umetaja fidia ya miezi miwili, deni ni 3,600.

Utasema basi miezi miwili ni nafuu. Ni nafuu kwake akitaka kuondoka, lakini kifungu hicho kinakata pande zote. Mwajiri akimfukuza bila sababu mwezi huohuo wa 8, naye atalipa 3,600 badala ya 28,800. Kwa kijana anayekwenda mara ya kwanza, asiyejua kama ataizoea kazi, mimi ningechagua kiasi kilichotajwa na kilicho sawa kwa pande zote mbili. Nisichokikubali ni mkataba unaomtwisha mfanyakazi kiasi kikubwa na mwajiri kidogo. Ukiuona huo, mwambie arudishe karatasi.

Njia ya katikati ipo. Anaweza kuomba kujiuzulu kwa maandishi. Mwajiri akikaa siku 30 bila kujibu, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Mwajiri anaweza pia kuliahirisha kwa muda usiozidi siku 60 akieleza sababu kwa maandishi. Ombi likikubaliwa, anaondoka kwa amani. Na kifungu cha 81 kinampa haki ya kuondoka bila taarifa na stahiki zake zote ikiwa mwajiri hatimizi wajibu, kwa mfano halipi mshahara, amempiga au kumtukana, au amempa kazi iliyo tofauti kabisa na ya mkataba. Onyo tu: asitoke bwenini kwanza ndipo adai. Mwajiri anaweza kuripoti kwamba ametoroka, na kesi ya mshahara ikageuka kuwa kesi ya ukaazi. Malalamiko yatangulie, miguu ifuate.

Kiinua mgongo umekitaja kwa mstari mmoja, nacho kina mlango wa kupotelea. Kwa miaka mitano ya kwanza ni nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, kwa mshahara wa mwisho. Akimaliza miaka miwili kwa 1,800, ni 900 mara mbili, yaani riyali 1,800. Lakini akiondoka kwa *kujiuzulu* akiwa na miaka miwili hadi mitano, anapata theluthi moja tu: riyali 600. Na akijiuzulu kabla ya miaka miwili hapati kitu. Sasa angalia hila inavyofanyika. Mkataba umefika mwisho, kijana anataka kurudi nyumbani, ofisi inampa karatasi ya Kiarabu "ya kukamilisha safari", na karatasi hiyo ni barua ya kujiuzulu, *istikala*. Riyali 1,200 zimeondoka kwa sahihi moja. Mkataba unapoisha kwa muda wake hakuna kujiuzulu. Kinachotakiwa ni taarifa ya kutotaka kuuendeleza.

Na taarifa hiyo ina siku zake. Mikataba mingi hujirudia yenyewe ikiwa hakuna upande ulioandika mapema, na idadi ya siku imetajwa ndani ya mkataba, karibu na kifungu cha muda. Akichelewa, ameingia kipindi kingine, na kuondoka kwake kutahesabiwa ni kuvunja mkataba. Aziandike siku hizo kwenye simu tangu siku anayotia sahihi.

Jambo moja la kumtuliza: kwa kifungu cha 8, sharti lolote linalompunguzia haki za Sheria ya Kazi ni batili hata kama alilitia sahihi. Kifungu kinachosema pasipoti itakaa kwa mwajiri, au kwamba mfanyakazi atalipia ikama yake, hakina nguvu. Lakini kinga hii hairefuki kufikia mambo ambayo sheria imeyaacha kwa makubaliano, kama cheo, kiasi cha mshahara na fidia. Huko sahihi yake inamfunga, ndiyo maana nimekawia huko.

Ukitaka, sehemu kuu ya barua yako iwe hivi:

*"Mdogo wangu, usitie sahihi kwanza. Mkataba wako kwa Kiarabu unasema utakuwa dereva wa nyumba ya mtu, si wa kampuni, na haki zake si kama zangu. Mwambie wakala aandike kazi ya kampuni, jina la kampuni na namba ya usajili wake, na viza iwe vivyo hivyo. Akikataa, nipigie kabla ya kujibu. Akikubali, tazama mambo manne kwenye Kiarabu: mshahara wa msingi ni ngapi, majaribio ni siku ngapi, fidia ya kuvunja mkataba ni kiasi gani kwa kila upande, na taarifa ya kutoendelea ni siku ngapi. Nipigie picha kila ukurasa, na nakala yako uende nayo. Nyingine mwachie mama."*

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na ofisa wa kazi, na ofisa huyo hatakiwi kuupitisha kabla ya kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila kudanganywa. Aende mwenyewe na mkataba wenye lugha zote mbili, aonyeshe kwa kidole pale cheo kinapotofautiana. Usajili wa wakala athibitishe kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala akisema hakuna haja ya kwenda huko, hiyo peke yake inatosha kuahirisha safari.

Akishafika na kupata ikama, kazi ya kwanza ni kufungua akaunti ya Qiwa, mfumo wa mtandaoni wa wizara, ambako mkataba wa kampuni huhifadhiwa na mfanyakazi huukubali au kuukataa mwenyewe. Alinganishe tarakimu kwa tarakimu na karatasi aliyotoka nayo Kenya. Mkataba wa pili wenye mshahara mdogo huletwa hasa wakati huu, mtu akiwa amechoka na safari na anaogopa kurudishwa. Ukitofautiana, asibonyeze kukubali, na asimpe mtu yeyote wa ofisini simu yake "amsaidie". Wewe uliye Riyadh keti naye siku hiyo kama unaweza.

Mgogoro ukizuka, malalamiko huanzia kwenye suluhu ya kirafiki ya Wizara ya Rasilimali Watu, na isipopatikana ndani ya siku 21 za kazi kesi huenda mahakama ya kazi. Simu ya wizara ni 19911. Ubalozi wa Kenya upo Riyadh, na ni wa kuendewa mapema ikiwa pasipoti imezuiwa, ametishiwa, au ameripotiwa kutoroka. Mambo hayo usiyatatue kwa barua wala kwa ushauri wa mtu wa mbali kama mimi. Ajue pia kwamba madai ya stahiki yakipita miezi 12 tangu kazi ilipokwisha, mahakama kwa kawaida haiyasikilizi, kwa hiyo kama kiinua mgongo hakijalipwa, asubiri ahadi za simu kwa wiki chache tu, kisha afungue malalamiko akiwa bado yuko Saudia.